Kutafuta mdhamini wa bonanza la shule, Ilemela: shajara ya mradi, Februari hadi Mei 2025

Naandika haya kwa ajili ya walimu na kamati za shule za kandokando ya ziwa wanaotaka kuandaa siku ya michezo na hawana fedha. Sisi ni shule nne za msingi upande wa Kayenze, wilaya ya Ilemela, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Mimi ni mwalimu wa michezo wa mojawapo na ndiye katibu wa kamati ya maandalizi. Ya viwanjani sitayaeleza sana, kila mwalimu anayajua. Nitakaa zaidi kwenye namna tulivyomwomba mfanyabiashara atudhamini, kwa sababu hapo ndipo kazi ilipokwama na hapo ndipo ilipofunguka.

3 Februari 2025: Bajeti na barua za kwanza

Kikao cha walimu wakuu kimekubali siku moja ya mpira wa miguu, netiboli, riadha, kuvuta kamba na ngoma, wazazi wakialikwa. Tarehe iliyopendekezwa ni 26 Aprili, sikukuu ya Muungano, kwa sababu inaangukia Jumamosi na wazazi hawatakuwa kazini.

Bajeti ni shilingi 3,000,000. Mahema na viti 600,000, muziki na jenereta 350,000, maji na chakula cha wachezaji 800,000, vifaa vya uwanja, yaani mipira, nyavu za magoli, kamba ya kuvuta na chokaa, 450,000, zawadi 400,000, usafiri wa timu 300,000, huduma ya kwanza 100,000. Shule na wazazi wameahidi 700,000. Pengo ni 2,300,000.

Barua zimeandikwa na kugongwa mhuri. Zinaeleza historia ya shule, upungufu wa vifaa vya michezo, na zinamalizia kwa kuomba mhisani "atusaidie kwa chochote atakachojaaliwa". Zimekwenda kwenye tawi la benki mjini, kwa msambazaji wa soda, kwenye kiwanda cha maji ya chupa na kwenye maduka kadhaa makubwa.

24 Februari: Majibu

Majibu yamefika, na karibu yote ni ya upole na hayana kitu.

Meneja wa tawi la benki alitupokea vizuri, akatuelewesha jambo ambalo kila kamati inapaswa kulijua kabla ya kupanda daladala. Tawi halina fungu la udhamini. Maombi yanapelekwa makao makuu Dar es Salaam, yanapangwa kwa miezi mitatu mitatu, na fungu la mwaka huu liligawanywa tangu mwishoni mwa mwaka jana bajeti ilipopitishwa. Alichoweza kutoa yeye ni kalenda na kalamu. Kwa hiyo kampuni yenye makao makuu mbali iandikiwe mwezi wa Septemba au Oktoba kwa shughuli ya mwaka unaofuata, na barua iende kwa ofisi ya masoko, nakala ndiyo ipitie kwa meneja wa tawi.

Msambazaji wa soda ameahidi fulana 40 zenye nembo yake na miavuli mikubwa. Tulifurahi, mpaka mweka hazina alipouliza zinapunguza mstari gani wa bajeti. Hazipunguzi wowote. Fulana haikuwemo kwenye bajeti, na mwavuli hautafuta gharama ya hema. Tumekubaliana kuwa kuanzia sasa msaada wa vitu unahesabiwa kwa fedha ile tu ambayo tungeitoa mfukoni kukinunua kitu hicho. Kama hatukupanga kukinunua, thamani yake kwetu ni sifuri, hata kiwe kizuri namna gani.

Mwenye duka mmoja la vifaa vya ujenzi alitoa 50,000 taslimu pale pale. Alisema, "Mwalimu, hii ni sadaka yangu. Lakini hii barua yako ningeipeleka kwa nani hapa dukani? Haijaniambia nitapata nini." Ile 50,000 imeingia kwenye ile 700,000 ya wazazi, maana ahadi moja ya mzazi ilikuwa imeyeyuka.

Kamati imekaa jioni hiyo hiyo. Barua yetu ilisema kila kitu kuhusu shida zetu, na haikusema hata neno moja kuhusu mteja wa huyo tunayemwomba. Anayeisoma anaiweka kwenye rundo la sadaka, na rundo la sadaka ni refu: kuna harusi, kuna ujenzi wa kanisa na msikiti, kuna misiba.

5 Machi: Kuhesabu tulicho nacho

Tulijiuliza: wazazi wa watoto hawa ni akina nani, na nani anatamani kuongea nao? Jibu liko mlangoni. Zaidi ya nusu ya kaya za shule hizi nne zinaishi kwa dagaa, kama si kuvua basi kuanika, kufungasha au kusafirisha. Watu hao hao hununua nyavu, kamba, taa, betri, injini, vipuri na jaketi okozi. Sisi tulikuwa tukimwandikia mwenye benki na mwenye soda, ambao watu wetu ni wateja wao kama mtu mwingine yeyote, tukamsahau anayewauzia kazi yao.

Ila mfanyabiashara hatakubali neno "wengi". Tulikwenda kwa wenyeviti wa BMU, vile vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vilivyopo kwenye kila mwalo, yaani pale mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki. Wao wana daftari la mitumbwi. Kwenye mialo mitatu inayozunguka shule zetu kuna mitumbwi 140 iliyosajiliwa, mingi ya dagaa. Wenyeviti walikubali tuitaje hesabu hiyo kwenye barua na wakaigonga mhuri wao. Upande wetu tukatoa idadi ya kaya kutoka kwenye rejesta za shule, ukiwaondoa ndugu wanaosoma shule moja wasihesabiwe mara mbili: kaya 400 na ushee kidogo.

Karatasi hiyo moja yenye mihuri mitatu imekuwa na nguvu kuliko kurasa zote za barua ya mwanzo. Ukitaka kuiga jambo moja tu katika shajara hii, iga hili.

12 Machi: Dukani Kirumba

Tumekwenda kwa mama mmoja mwenye duka kubwa la zana za uvuvi karibu na Mwaloni, Kirumba. Duka lilikuwa limejaa wavuvi, tukasubiri muda mrefu. Baadaye alitukaribisha ofisini nyuma ya marobota ya nyavu.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba walimu. Mnisamehe, mmekuja wakati wa mbalamwezi, ndipo watu wangu wanapokuwa nchi kavu."

Tulimpa ile karatasi ya mihuri. Aliisoma polepole, kisha akauliza tarehe. Tukamwambia 26 Aprili. Akachukua kalenda ya ukutani, akahesabu kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Tarehe 26 hao watu wote watakuwa majini, walimu. Hapo ni giza tupu."

Alikuwa sahihi, na kwa anayeishi bara nieleze. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Taa inawavuta samaki pale tu mbingu inapokuwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu, nuru yake inatapanyika ziwa zima na taa ya mvuvi haivuti kitu. Kwa hiyo kazi inakwenda kwa mwezi wa angani. Siku za giza watu wanavua usiku na kulala mchana, na siku za mbalamwezi wanapumzika, wanashona nyavu, wanatengeneza mitumbwi, na mgao wa giza lililopita unakuwa umeshagawanywa. Mwezi mwandamo wa Aprili 2025 unaangukia tarehe 27. Sikukuu ya Muungano tuliyoipenda kwa sababu "wazazi hawatakuwa kazini" ni usiku ambao akina baba wa kwetu wanakuwa kazini kuliko usiku mwingine wowote wa mwezi.

Mama akasema kwake ni zaidi ya hapo. Siku za giza mvuvi hanunui nyavu, ananunua kile tu kilichoharibika. Nyavu mpya, kamba na taa vinanunuliwa wakati wa mbalamwezi, fedha ikiwa mkononi na chombo kikiwa kimevutwa pwani. Tangazo la tarehe 26 Aprili lingesikika na wasionunua, wiki ambayo hawanunui.

Tukatazama kalenda pamoja. Mwezi unakuwa mpevu tarehe 12 Mei, Jumatatu. Jumamosi ya tarehe 10 Mei wavuvi wako nyumbani, na wiki nzima inayofuata ni ya manunuzi. Tulihamisha tarehe pale pale, kwa sharti la kupata idhini ya walimu wakuu wengine, ambayo ilipatikana kesho yake.

Hapo ndipo tulipoacha kuongea kuhusu upungufu wa mipira. Tulimwuliza maswali mawili. La kwanza, sasa hivi unatangaza vipi? Akasema anakodi gari la matangazo linalozunguka mialo siku moja kila mbalamwezi, na kwa gari, mafuta na mtu wa kipaza sauti inamtoka kama 120,000. Pia hulipia matangazo ya redio mara chache. La pili, ni kitu gani unataka kuuza ambacho hakitoki? Akajibu bila kufikiri: taa za sola na jaketi okozi. Nyavu zinajiuza zenyewe, lakini wengi hawajui kuwa anazo taa.

19 Machi: Barua ya pili na bei

Barua mpya ni ukurasa mmoja. Nainakili sehemu yake kuu hapa, majina yakiwa yameondolewa:

YAH: OMBI LA UDHAMINI MKUU WA BONANZA LA SHULE NNE, JUMAMOSI 10 MEI 2025

"Bonanza litakusanya wanafunzi na wazazi wa kaya zaidi ya 400, wengi wao wakitegemea mitumbwi 140 iliyosajiliwa katika mialo mitatu (hesabu ya BMU imeambatishwa). Litafanyika siku mbili kabla ya mwezi mpevu, wavuvi wakiwa nchi kavu. Tunaomba udhamini wa shilingi 1,000,000 taslimu pamoja na nyavu za magoli na kamba ya kuvuta. Kwa udhamini huo duka lako litapata: meza ya kuonyesha taa na jaketi okozi karibu na sehemu ya maji tangu saa 2 asubuhi hadi mwisho, mabango mawili, tangazo la mshereheshaji kwa nyakati sita zilizokubaliwa, kuponi moja kwa kila kaya, nafasi ya kukabidhi kombe, na taarifa ya maandishi ndani ya wiki tatu. Hakuna duka jingine la zana za uvuvi litakalotangazwa siku hiyo."

Ile 1,000,000 haikutoka hewani. Gari la matangazo linampa siku moja ya sauti inayopita, na mtu akiwa amelala haisikii. Sisi tunampa siku nzima ya watu waliokaa mahali pamoja na bidhaa wanayoweza kuishika. Tulijaribu kuweka kila kipengele bei yake kwa kulinganisha na kile anacholipa tayari, na jumla ikafika kama 700,000. Kipengele kilichopandisha bei hadi milioni ni ile sentensi ya mwisho, ya kuwa peke yake. Mama alituambia waziwazi kuwa hiyo ndiyo aliyoinunua, maana jirani zake wawili pale Kirumba wanauza bidhaa zile zile.

Kuhusu hilo niseme pia tulichokataa, kwa sababu mdhamini ana haki ya kuomba na shule ina wajibu wa kujua mwisho wake. Aliomba orodha ya namba za simu za wazazi ili awatumie ujumbe. Tulikataa. Mzazi alitupa namba yake kwa ajili ya mtoto, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 jambo hilo si la adabu peke yake. Badala yake tukampa kuponi, ambayo mzazi anaipeleka mwenyewe akitaka. Aliomba pia picha za watoto wakiwa wamevaa jaketi okozi kwa ajili ya bango la dukani. Tukasema watu wazima watavaa. Nasi tukaomba sharti letu: kwenye meza yake zisionekane nyavu za timba wala zana nyingine iliyopigwa marufuku, kwa sababu shule inafundisha uvuvi halali na maofisa uvuvi watakuwepo. Alisema hauzi timba, akatia saini bila shida. Kampuni za bia na sigara hatukuziandikia kabisa. Pale ni shule ya msingi.

28 Machi: Mhasibu

Mama amekubali, lakini mhasibu wake aliisimamisha barua kwa wiki moja, na sababu zake zinafaa kuandikwa.

Alitaka kujua fedha hii aiingize wapi kwenye vitabu. Ikiwa ni mchango wa hisani, Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu uondolewe kwenye mapato kabla ya kodi, lakini kwa kikomo cha asilimia 2 ya mapato ya biashara, na Mama hutoa michango mingine mingi ambayo tayari inakula kikomo hicho. Ikiwa ni gharama ya kutangaza biashara, inahesabiwa kama gharama nyingine za kutafuta mapato, ila lazima kuwe na ushahidi kwamba tangazo lilinunuliwa na lilitolewa kweli. Mkaguzi akija miaka miwili baadaye, barua inayoomba "chochote atakachojaaliwa" haimsaidii mhasibu hata kidogo.

Kwa hiyo alitaka karatasi nne: barua ya ombi yenye orodha ya manufaa, makubaliano yaliyosainiwa na pande zote mbili, stakabadhi ya shule, na mwisho picha za mabango na meza zenye tarehe. Tulimwandalia makubaliano ya ukurasa mmoja na nusu. Vipengele vilivyochukua muda ni viwili. Kwanza, bonanza likiahirishwa kwa mvua au msiba, tunafanya nini? Tukaandika kuwa litahamia mbalamwezi inayofuata, mwezi mpevu ukiwa 11 Juni. Lakini Juni shule zinafunga, kwa hiyo tukaongeza kwamba ikishindikana, fedha ambayo haijatumika inarudishwa. Pili, fedha inalipwa lini? Tulipata nusu kwenye kusaini na nusu tarehe 2 Mei.

Fedha iliingia akaunti ya shule, si simu ya mwalimu yeyote. Mwalimu mkuu alipeleka nakala kwa Afisa Elimu Kata, na kupitia kwake Manispaa, kuomba ridhaa ya mabango ndani ya eneo la shule. Taarifa ya mkusanyiko ilipelekwa polisi mapema. Hayo yalikwenda kawaida.

2 Mei: Gharama iliyosahaulika

Kumtumikia mdhamini nako kunagharimu, na mstari huo haukuwepo kwenye bajeti. Mabango mawili ya mita 3 kwa 1 ni 90,000, kuponi 400 zenye namba na mhuri ni 40,000, mpiga picha 30,000. Jumla 160,000. Yaani katika ile milioni moja, iliyobaki kwa ajili ya watoto ni 840,000. Anayeandaa baada yetu aiweke gharama hii ndani ya bei ya udhamini tangu siku ya kwanza.

Hesabu ya mwisho imekaa hivi. Pengo lilikuwa 2,300,000, na kwa hiyo 160,000 likawa 2,460,000. Mama ametoa 1,000,000 na nyavu za magoli na kamba ambazo zingetugharimu 250,000. Nyavu zilishonwa na mafundi wake kwa uzi wa nyavu za kuvulia, na ni imara kuliko za dukani. Kiwanda cha maji ya chupa tulikirudia na barua ya mtindo mpya, kikatoa maji ambayo tungeyanunua kwa 300,000, kwa sharti la kuwa maji pekee uwanjani. Mwenye mashine ya kukoboa ametoa mchele wa 300,000. Zimebaki 610,000. Mahema tumeyapunguza kwa 350,000 kwa kutumia madawati na mabenchi ya kanisa jirani, zawadi tumezipunguza kwa 100,000, na 160,000 za mwisho zimechangwa na wafanyabiashara wadogo wa mwaloni kupitia BMU. Hao wa mwaloni hawakuomba bango. Tuliwatangaza kwa pamoja.

10 Mei: Siku yenyewe

Michezo ilikwenda vizuri na watu walijaa. Naandika yaliyohusu udhamini tu.

Upepo wa ziwa ulianza kama kawaida mchana. Bango lililofungwa nyuma ya goli la upande wa ziwa lilijaa upepo, likachanika pembeni kabla ya saa 8. Lilikuwa na matundu ya kamba kwenye kona nne tu. Fundi wa nyavu wa Mama akatoboa matundu mengine kila baada ya hatua ndogo ukingoni mwote, akapitisha kamba, kisha tukalihamishia ukutani mwa darasa, mahali pasipo na upepo. Huko likaonekana zaidi, kwa sababu ndipo foleni ya chakula ilipopita. Bango lolote la pwani liagizwe likiwa na pindo lililoshonwa na matundu mengi, na lifungwe ukutani.

Tatizo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Wakala wa huduma za fedha kwa simu alikuja na mwavuli na kipaza sauti chake bila kualikwa, akaanza kutangaza. Hakuuza zana za uvuvi, kwa hiyo hakuvunja makubaliano yetu na Mama, lakini sauti yake ilikuwa inafunika tangazo la mshereheshaji. Mwenyekiti wa kamati alimfuata, akamsalimu, akamweleza kuwa anaweza kubaki na mwavuli wake bila kipaza sauti. Alikubali. Makubaliano yajayo yatasema waziwazi kuwa kipaza sauti uwanjani ni kimoja, cha kamati.

Mshereheshaji alikuwa na karatasi yenye nyakati sita: kufungua, kabla ya fainali ya netiboli, mwanzo wa kuvuta kamba, mapumziko ya chakula, baada ya ngoma, na kukabidhi kombe. Aliyasema kwa Kiswahili, kisha wakati wa ngoma akayarudia kwa Kisukuma kwa hiari yake, na wazee waliokuwa wamekaa mbali wakainuka kwenda kuona taa mezani. Tangazo la wakati wa chakula halikusikika na mtu. Watu walikuwa wanagombea sahani. Mwakani tutaliondoa na kuliweka wakati wa kuvuta kamba kwa wazazi, maana kamba yenyewe ni ya duka lake na kila mtu aliuliza imetoka wapi.

Kuponi hatukuzimwaga uwanjani. Mwalimu wa darasa alimpa mzazi au mlezi mmoja wa kila kaya, akitia alama kwenye orodha. Kwa njia hiyo tunajua zilitoka 388, na 12 zilizobaki tumemrudishia Mama.

26 Mei: Taarifa kwa mdhamini

Kuponi ilitoa punguzo la 5,000 kwa manunuzi ya kuanzia 50,000, na muda wake uliisha 24 Mei. Zimerudi dukani 57. Tulimwomba kijana wa kaunta amuulize kila aliyeileta kama amewahi kununua hapo, na aandike nyuma yake. Thelathini na moja walikuwa wageni.

Taarifa yetu ni kurasa mbili na picha, na tumejizuia kuipamba. Manunuzi 57 ya kuanzia 50,000 ni mauzo yasiyopungua 2,850,000. Lakini wale 26 waliokuwa wateja tayari huenda wangekuja hata bila bonanza, kwa hiyo tumewaweka pembeni. Kwa wageni 31 mauzo hayapungui 1,550,000. Yeye ametumia 1,250,000 kwa fedha na vifaa, na punguzo la kuponi zote ni 285,000, jumla 1,535,000. Mauzo si faida, na tumeliandika hivyo hivyo: kwa wiki mbili hizi fedha yake haijarudi. Kama itarudi, itarudi kwa wale 31 kurejea mbalamwezi zijazo, na hilo analijua yeye kutoka kwenye daftari lake kuliko sisi.

Kuna mjumbe aliyetaka tuandike mauzo yote kana kwamba yametokana na sisi. Kamati ilikataa. Mama huyu anajua duka lake. Namba moja iliyokuzwa ingemfanya aitilie shaka taarifa nzima, pamoja na ile karatasi ya mihuri iliyotufungulia mlango wake.

Aliisoma mbele yetu. Alikaa zaidi kwenye jambo ambalo hatukulipa uzito: kati ya kuponi 57, nyingi zililetwa kati ya tarehe 12 na 17 Mei, na baada ya hapo, giza lilipoanza kurudi, zikawa za kudondoka. Akasema kuponi ijayo iwe na muda wa mbalamwezi mbili, ili anayekosa fedha mwezi wa kwanza aweze kuja wa pili. Jaketi okozi zimeuzwa chache. Taa zimetoka nyingi kuliko alivyotegemea, naye ataleta fundi wa kuonyesha namna ya kuzitengeneza, kwa sababu swali la mezani lilikuwa moja tu: ikiharibika nampelekea nani?

Ametuomba barua ya mwakani mapema, mwezi Septemba, kabla hajapanga fedha zake za matangazo. Mwezi utakuwa mpevu tarehe 1 Mei 2026, siku ya Mei Mosi, Ijumaa. Bonanza tumeliandikia Jumamosi ya tarehe 2.